Chatu amejivua vipande vipande na jicho moja limebaki na ukungu

"Shikamoo daktari. Nahudumia nyoka kwenye kituo kidogo cha wageni hapa Arusha. Tuna chatu jike wa mita mbili na nusu. Mwanzoni mwa Julai macho yake yote mawili yaligeuka meupe, akagoma kula na akawa mkali. Mwenzangu mmoja alisema amepofuka, mwingine akasema ni sumu imejaa kichwani. Tukampaka dawa ya macho ya tetrasaiklini, na baada ya siku chache macho yakawa safi, tukajua amepona. Wiki iliyofuata akaanza kujivua, lakini ngozi imetoka vipande vipande. Mgongoni kuna mabaka makavu, ncha ya mkia bado ina ganda, na jicho la kushoto lina ukungu. Kizimba kina taa ya joto usiku na mchana kwa sababu ya baridi, na bakuli la maji ya kunywa. Nimeambiwa nimpake mafuta ya kupikia, kisha nilitoe ganda la jicho kwa kibano. Nifanye hivyo?"

Marahaba, kijana wangu. Usifanye hivyo. Kibano kiweke mbali kabisa na jicho hilo, na mafuta yarudi jikoni. Kilicho cha haraka hapa ni ncha ya mkia, ambayo wengi huipuuza kwa sababu haitishi kuitazama. Jicho linaweza kusubiri, hata wiki kadhaa, mradi halijavimba. Na chanzo cha yote haya, kwa jinsi ulivyoeleza, nakishuku kuwa ile taa mliyoiweka kwa nia njema.

Nianze na macho, maana hapo ndipo mlipopotea njia. Ngozi ya nje ya nyoka ni tabaka gumu lililokufa, ambalo halitanuki wala halijirekebishi. Sisi binadamu tunapoteza ngozi kavu kidogo kidogo kila siku bila kuona. Nyoka huitunza yote, kisha huibadilisha kwa mkupuo. Muda ukifika, seli hai zilizo chini huanza kugawanyika kwa kasi na kujenga ngozi mpya kamili chini ya ile ya zamani. Kwa siku kadhaa nyoka huwa amevaa ngozi mbili nzima, moja juu ya nyingine. Ili zitengane, seli zilizo kwenye mpaka wa ngozi hizo mbili huvunjwavunjwa na vimeng'enya, na majimaji ya mwilini huingia katikati. Ukimtazama nyoka wakati huo utaona rangi zake zimefifia na tumbo limekuwa na weupe au uwaridi wa maziwa.

Sasa, nyoka hana kope. Alipokuwa bado ndani ya yai, ngozi ya kope zake iliungana na kuwa gamba moja la mviringo, jembamba na angavu, linalofunika jicho moja kwa moja. Tuliite kioo. Kioo hicho ni sehemu ya ngozi kama magamba ya mgongoni, kwa hiyo nacho hujenga tabaka jipya chini na kuachana na la zamani juu. Mgongoni hali hiyo huonekana kama kufifia kwa rangi tu. Kwenye kioo, ambacho kazi yake ni kupitisha mwanga, huonekana kama weupe au ubuluu wa maziwa. Jicho lenyewe, lililo nyuma ya kioo, halina tatizo lolote.

Kwa hiyo hakupofuka. Alikuwa anaona kwa shida, na nyoka asiyeona vizuri hujihami haraka zaidi. Ndiyo maana alikuwa mkali, na ndiyo maana akagoma kula. Habari ya sumu nayo iacheni, kwa sababu chatu hana sumu hata tone. Hata kwa swila na kifutu, ambao sumu wanayo, weupe wa macho hauna uhusiano wowote na tezi za sumu. Kama mnao swila hapo kituoni, nawasihi kizimba chake msikisafishe macho yake yakiwa meupe, isipokuwa kuna dharura. Swila atemaye mate bado anaweza kutema akiwa katika hali hiyo, na atafanya hivyo mapema kuliko mlivyozoea.

Ile dawa ya tetrasaiklini haikumponya, kwa kuwa hakukuwa na ugonjwa wa kuponya. Na hata kama jicho lingekuwa na maambukizi, dawa ya kupaka ingebaki juu ya kioo bila kulifikia jicho. Macho yalisafika kwa sababu ngozi mpya ilikuwa imekomaa na majimaji ya katikati yamepungua. Usafikaji huo ni hatua ya kawaida kabisa. Unakuambia kwamba ganda litatoka siku chache zijazo, mara nyingi kati ya siku nne na saba. Mngelijua hilo, siku zile zingekuwa nafasi yenu ya kuandaa kizimba. Mliona amepona, mkaendelea na taa ileile.

Nyoka mwenye afya na mazingira mazuri hujivua hivi: husugua midomo kwenye jiwe au gogo mpaka ganda lipasuke pembeni mwa mdomo. Ganda hukunjuka nyuma kupita juu ya kichwa, kisha hutambaa akiliacha, nalo hugeuka nje ndani kama soksi inayovuliwa. Likiwa limetoka mwilini muda huohuo utalikuta laini na lina unyevu. Litakuwa kipande kimoja kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, na kwenye kichwa kutakuwa na viduara viwili angavu, vile vioo vya zamani. (Wageni wakiuliza urefu wa chatu, msipime ganda. Ngozi iliyo kati ya magamba hukunjuka inapovuliwa, hivyo ganda huwa refu kuliko nyoka mwenyewe.)

Kwa huyu wenu ganda halikuteleza, lilichanika. Ili ngozi mbili ziachane pote kwa wakati mmoja, lazima yale majimaji ya katikati yawepo ya kutosha, na ngozi ya juu ibaki laini hadi dakika ya mwisho. Nyoka aliyepungukiwa na maji mwilini, au aliye kwenye hewa kavu, hukosa yote mawili. Ngozi ya juu hukauka, hushikamana na ile ya chini, na anapojisugua hukatika pale ilipolegea na kubaki pale iliposhika.

Labda unajiuliza hewa ya Arusha mwezi Julai itakuwaje kavu, wakati asubuhi kuna ukungu na baridi. Nje si kavu. Ukavu unatengenezwa ndani ya kizimba. Chukua hewa ya usiku yenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 80. Ipashe moto hadi nyuzi 30 kwa taa, bila kuongeza maji. Kiasi cha mvuke kilichomo ni kilekile, lakini hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo unyevu wake hushuka hadi asilimia 32 hivi. Hewa hiyo sasa inanyonya maji popote inapoyapata, ikiwemo kwenye ngozi na kwenye pumzi ya chatu. Kama dari la kizimba ni wavu, kila dakika hewa yenye mvuke inapanda na kutoka, na nyingine ya baridi inaingia kukaushwa. Bakuli la kunywea haliwezi kushindana na hali hiyo. Porini chatu angejichagulia: angezama mtoni, au angejilaza kwenye shimo la mhanga ambako hewa imetulia na ina unyevu. Kizimbani hana pa kwenda.

Tuje kwenye kazi ya leo. Kwanza niambie kama amekula wiki hii. Kama amekula, msimshike wala msimloweshe, anaweza kutapika mlo, na kutapika humdhuru. Ongezeni unyevu kizimbani tu na msubiri. Kama hajala, tafuteni pipa au sanduku kubwa la plastiki lenye mfuniko wa kufunga, na mtoboe matundu ya hewa. Ndani tandikeni taulo kadhaa au gunia la katani lililolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30. Pimeni kwa kipimajoto, msikadirie kwa mkono. Mwekeni humo saa tatu au nne, mahali penye joto ili taulo zisipoe, huku mtu akiwa karibu. Mimi naona taulo zilizolowa ni salama kuliko kumtumbukiza kwenye maji mengi, kwa sababu nyoka aliyedhoofika anaweza kushindwa kuinua kichwa. Zina faida nyingine pia: zina mikwaruzo, na yeye mwenyewe akipita katikati yake hujisugua.

Baada ya hapo mtoeni, mkiwa watu wawili au zaidi. Chatu wa mita mbili na nusu hashikwi na mtu mmoja, hata awe mpole namna gani. Mmoja adhibiti kichwa. Mwingine azungushie mwili taulo nyevu, ashike kwa wepesi, na amwache nyoka atambae kupita ndani yake. Ganda lililolainika litabaki kwenye taulo. Lisilotoka msilivute. Rudieni kesho yake. Ukivuta ganda kavu unang'oa na ngozi mpya iliyo chini, unabaki na kidonda kinachoingiza bakteria, na kovu litakalosumbua kila atakapojivua maishani. Mafuta ya kupikia au Vaselini hayasaidii kitu. Ganda linahitaji maji, na mafuta huyazuia maji yasiingie, kisha yananasa vumbi la kizimbani.

Kwenye mkia kuwa makini zaidi. Ganda lililobaki pale hukauka na kusinyaa na kuwa pete inayobana. Akijivua tena bila pete hiyo kutoka, nyingine hujipanga juu yake. Damu hupungua kufika nchani, na ncha hufa. Funga kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu kuzunguka mkia kwa dakika 20 au 30. Kisha sukuma ganda taratibu kwa kidole gumba kuelekea nchani, kwa uelekeo wa magamba, kamwe si kinyume. Linganisha rangi na unene wa ncha na sehemu iliyo juu yake. Ikiwa ncha imevimba, imekuwa nyeusi, imekauka na kuwa ngumu, au hasogezi unapoigusa, umeshavuka mpaka wa huduma ya kituoni. Huyo ni wa daktari siku hiyohiyo.

Sasa jicho. Kabla ya lolote hakikisha kama kweli kioo cha zamani kimebaki. Kusanya vipande vyote vya ganda, hasa vya kichwani. Viweke kwenye beseni la maji vilainike, vikunjue, kisha vitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ukikuta kiduara angavu cha kushoto, basi kioo kimetoka, na ukungu unaouona una sababu nyingine. Ukikuta tundu tupu mahali pa jicho, kimebaki. Halafu mtazame nyoka mwenyewe kwa tochi, ukimulika kwa pembeni na si mbele. Jicho la kulia litang'aa sawasawa. La kushoto, kama lina kioo cha zamani, litaonekana kavu na halina mng'ao, huenda na vikunjo vidogo, na mara nyingi utaona ukingo mwembamba wa ganda ulioinuka kuzunguka jicho.

Kikiwa kimebaki, saa zile za kwenye taulo huweza kukilegeza, na akipita kwenye kitambaa kikatoka chenyewe. Unaweza kuongeza matone ya machozi bandia yasiyo na dawa, yale yanayouzwa famasi kwa macho makavu, mara mbili au tatu kwa siku. Kisipotoka, kiache. Rekebisha unyevu, na mara nyingi sana kitatoka pamoja na kile kinachofuata atakapojivua tena. Mtu mwenye kibano haoni tofauti kati ya kioo cha zamani na kipya, kwa sababu vyote ni vyembamba na angavu na vimegusana. Akikosea kidogo hung'oa kioo hai, chenye mishipa yake midogo ya damu. Jicho likibaki wazi hukauka, na mara nyingi hupotea. Hatari ya kusubiri ni ndogo, ya kibano ni kubwa, na sioni sababu ya kubahatisha. Vioo viwili au vitatu vikijirundika katika kujivua kwa kufuatana, hapo kweli vinatolewa, lakini na daktari mwenye vifaa vya kukuza na mkono uliozoea.

Kuna ukungu mwingine ambao hausubiri. Kati ya kioo na jicho kuna nafasi nyembamba yenye machozi, nayo humwaga kwa mfereji mdogo unaofunguka mdomoni. Mdomo ukiwa na maambukizi, bakteria wanaweza kupanda kwa mfereji huo hadi nyuma ya kioo, usaha ukajaa hapo. Utaona jicho moja limetokeza kuliko jingine, na ukungu una rangi ya njano au kijivu. Fungua mdomo wake, au msubiri apige mwayo, uangalie kama fizi ni nyekundu au zina uchafu mzito unaonata. Hilo halitatuliwi na maji wala taulo.

Turudi kizimbani, kwa kuwa mkimsafisha leo na taa ikabaki ilivyo, atachanika tena. Nunueni kipima unyevu na vipimajoto viwili, kimoja kwa upande wa joto na kingine kwa upande wa baridi. Upande wa joto uwe nyuzi 30 hadi 32, wa baridi 25 hadi 27. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 60 siku za kawaida, na 70 au zaidi kidogo macho yakianza kuwa meupe. Usiku msiwashe taa inayotoa mwanga. Tumieni hita ya kauri isiyotoa mwanga, yenye thamostati, ikiwa ndani ya kikinga cha waya ili asiiguse akaungua. Funikeni sehemu kubwa ya dari la wavu kwa karatasi nzito ya plastiki, mbali na hita, mkiacha nafasi ya hewa kupita. Bakuli libadilishwe kwa beseni ambalo anaweza kujikunja ndani yake mzima, likae karibu na upande wa joto.

Kisha mpeni shimo lake. Geuzeni pipa la plastiki kifudifudi, mkate mlango, mlainishe kingo, na ndani mjaze usumba wa makumbi ya nazi uliokamuliwa hadi usidondoshe maji. Wekeni na jiwe moja au gogo lenye magamba ya mti la kusugulia mdomo. Nasisitiza shimo hili kuliko kumwagia maji kizimba kizima kila asubuhi. Chatu anayelala kwenye sakafu iliyolowa muda wote hupata malengelenge na wekundu kwenye magamba ya tumbo, na hapo mtakuwa mmebadilisha tatizo moja kwa jingine. Awe na pakavu na penye unyevu, achague mwenyewe.

Mmulike vizuri pia kutafuta wadudu. Utitiri wa nyoka ni vidoa vyeusi vidogo kuliko kichwa cha pini, hukaa pembezoni mwa macho, chini ya kidevu na katikati ya magamba. Ukimfuta kwa karatasi nyeupe yenye maji utaviona vimebaki, na mara nyingi vingine vimezama kwenye maji yake. Chatu aliyekamatwa porini anaweza kuwa na kupe pia. Wadudu hawa huharibu ngozi na kunyonya damu, na ganda lililochanika huwa dalili yao ya kwanza kuonekana. Nyoka anayeshinda ndani ya maji siku nyingi wakati macho yake ni safi, mfikirie utitiri.

Kujivua vibaya mara moja, msimu wa baridi, kwenye kizimba chenye taa ya kukausha, nakuhesabu kuwa ni kosa la hewa, na hakunitishi. Mkisharekebisha vipimo na akachanika tena, basi sababu iko ndani ya mwili. Inaweza kuwa ukosefu wa maji wa muda mrefu, lishe duni, makovu, maambukizi ya ngozi au ugonjwa wa viungo vya ndani. Vivyo hivyo akianza kujivua kila baada ya wiki chache wakati ni mkubwa na hakui tena, kwa sababu mwili huharakisha kubadili ngozi inapokuwa imeumia. Hapo anahitaji kupimwa kwa mkono wa mtu.

Mpelekeni kwa daktari, au mwiteni, mkiona mkia umebadilika rangi, jicho limevimba, malengelenge au vidonda, mdomo wenye usaha, au kama ngozi mkiibana inabaki na mkunjo na macho yamezama. Mtafute daktari aliyewahi kutibu nyoka, si wa ng'ombe na mbuzi peke yake. Hapohapo Arusha kuna makao ya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na wanaweza kuwaelekeza kwa madaktari wa wanyamapori. Morogoro kuna chuo cha tiba ya wanyama cha Sokoine. Mkienda, bebeni vipande vya ganda kwenye mfuko, pamoja na daftari lenye tarehe macho yalipokuwa meupe, yaliposafika, alipojivua, mlo wake wa mwisho, na vipimo vya joto na unyevu vya mchana na usiku.